Karani wa masjala apewe karatasi moja, si kitabu cha sheria

Hospitali ikipata sera mpya ya ulinzi wa data, mara nyingi mambo huishia hivi. Nakala yenye kurasa arobaini huwekwa ofisini kwa msimamizi, nyingine hufungiwa kabatini, na karani anayekaa dirishani huambiwa kwa mdomo tu kwamba siku hizi kuna sheria kali, kwa hivyo asitoe habari za watu ovyo. Agizo kama hilo halimsaidii. Asubuhi ya Jumatatu atasimamiwa mbele yake na mzee anayetaka cheti cha matibabu cha mkewe, askari aliyetumwa na mkuu wa kituo, na kijana mwenye tai anayedai ametoka kwa wakili. Kila mmoja anataka faili, na kila mmoja ana haraka. Kurasa arobaini hazitamjibu hata mmoja wao.

Nimeichagua Voi kuzungumzia jambo hili kwa sababu mji huo uko njia panda. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita hapo, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Mwatate hadi Taveta, mpakani na Tanzania. Lori likipinduka Maungu au Manyani, majeruhi hukimbizwa Voi. Kwa hivyo masjala ya hospitali katika mji kama huo haihifadhi faili za wenyeji wa Taita Taveta peke yao. Inahifadhi pia za madereva, utingo na abiria ambao huenda wasionekane tena mjini humo, lakini ambao siku moja watahitaji kuthibitisha kwamba mguu wao ulivunjika siku fulani na ukatibiwa kwa namna fulani. Palipo na majeruhi wa barabarani pana fidia, na palipo na fidia hawakosi watu wa kuitafuta faili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilianza kutumika Novemba 2019, na kanuni zake zikafuata 2021. Ina mambo mengi: namna ya kuomba ridhaa, mikataba na wanaouza programu za kompyuta, kupeleka habari nje ya nchi, kusajiliwa na Kamishna wa Data. Maoni yangu ni kwamba karani wa masjala hana haja na mengi ya hayo. Yeye hufanya mambo mawili: huweka na hutoa. Basi sera ifupishwe iwe majibu ya maswali mawili. Karatasi hii ikae hapa hadi lini? Na nani anayeweza kuiona? Yaliyobaki wabaki nayo wakubwa, maana ndiyo kazi wanayolipwa.

Tuanze na muda.

Sheria inasema habari za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyozifanya zichukuliwe, isipokuwa kama sheria nyingine inataka ziendelee kuwekwa au pana sababu nyingine ya haki. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba kila mwenye kuhifadhi habari za watu awe na ratiba. Ratiba hiyo itaje sababu ya kuhifadhi, muda wenyewe, namna ya kukagua mara kwa mara, na hatua itakayochukuliwa baada ya ukaguzi. Utaona kwamba idadi ya miaka kwa faili za wagonjwa haikutajwa. Kila taasisi inatakiwa kuipanga na kuweza kuitetea.

Hapa ndipo wafupishaji wengi wanapokosea. Wanatafuta nambari moja iliyo rahisi kukumbukwa, kwa mfano miaka 8 au 10, na kuiandika kwenye karatasi ya ukutani: "Faili zote, miaka 8." Nambari yenyewe yaweza kuwa nzuri. Huko Uingereza, faili ya mgonjwa mtu mzima huhifadhiwa miaka 8. Lakini miaka 8 tangu lini? Sera ya Uingereza inasema ni tangu matibabu ya mwisho. Maneno hayo mawili, "ya mwisho", ndiyo yanayopotea sera inapofupishwa.

Chukua mfano wa utingo wa lori. Tuseme alifunguliwa faili hospitalini mwaka 2013 alipougua malaria akiwa safarini. Agosti 2021 lori lao likapinduka karibu na Maungu, akavunjika paja, akalazwa, akatiwa chuma, na akaendelea kurudi kliniki ya mifupa hadi Februari 2022. Karani aliyepewa karatasi inayosema "miaka 8" ataangalia nini? Ataangalia kilichoandikwa kwa wino mkubwa kwenye jalada, yaani mwaka faili ilipofunguliwa. Elfu mbili na kumi na tatu ukijumlisha nane ni elfu mbili na ishirini na moja. Faili ingetolewa kwenda kuchomwa mwaka ule ule aliovunjika paja. Lakini ukihesabu tangu alipotibiwa mara ya mwisho, faili hiyo haiguswi hadi Februari 2030. Nambari ni ile ile, sera ni ile ile, na tofauti ni miaka tisa.

Na miaka hiyo si ya kuchezea. Kwa sheria ya Kenya, mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 ya kufungua kesi ya madai, na mahakama yaweza kumruhusu baada ya hapo kwa sababu maalumu. Kesi ikishafunguliwa, msomaji anajua vile zinavyoweza kuvuta. Utingo huyo akifika mbele ya hakimu mwaka 2026 na kukuta picha za mionzi na maelezo ya daktari vimekwisha kuwa majivu, atabaki na kovu lake tu kama ushahidi.

Kwa hivyo kila mstari wa muda kwenye karatasi ya karani lazima uwe na sehemu mbili: miaka mingapi, na saa inaanza kuhesabu lini. Ukikosa sehemu ya pili, heri usiandike mstari huo kabisa. Njia rahisi ya kumsaidia karani ni kubandika stika ya mwaka pembeni mwa jalada kila mwaka mgonjwa anapokuja mara ya kwanza. Mwaka mpya, rangi mpya, juu ya ile ya zamani. Karani akipita kwenye rafu mwezi wa Januari anaona kwa macho faili ambazo hazijaguswa tangu mwaka fulani, bila kufungua hata moja. Hilo la kutofungua lina faida yake pia. Faili isiyofunguliwa haisomwi na asiyehusika.

Watoto wana hesabu yao. Mtoto hawezi kushtaki mwenyewe, kwa hivyo saa ya sheria haianzi kumhesabia hadi afikishe miaka 18. Faili ya mtoto aliyeungua akiwa na miaka 2 haiwezi kutupwa akiwa na miaka 10 kwa sababu tu miaka 8 imekwisha. Uingereza huhifadhi faili ya mtoto hadi atimize miaka 25. Mwongozo wa baraza la madaktari la Afrika Kusini huitaka ihifadhiwe hadi afikishe miaka 21. Mimi ningeshauri 25 kwa hospitali zetu. Na katika karatasi ya karani nisingeandika idadi ya miaka, ningeandika "hadi siku ya kuzaliwa ya 25", kwa sababu tarehe ya kuzaliwa tayari iko kwenye jalada na hesabu inakuwa moja tu.

Halafu kuna kitabu cha wazazi, yaani rejista ya wanaojifungua. Hapa natofautiana na wale wanaosoma sheria ya data kana kwamba inasema kila kitu kitupwe. Taveta iko kilomita chache tu kutoka Holili, na watu wa mpakani hutakiwa kuthibitisha walikozaliwa wanapoomba cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa au kitambulisho. Mtoto ambaye hakusajiliwa wakati wake atarudi hospitalini akiwa na miaka 20 na mamake akiwa hai au amefariki. Mstari mmoja katika kitabu hicho, wenye jina la mama, tarehe, na jinsia ya mtoto, waweza kuwa ndio uthibitisho pekee alio nao. Kitabu hicho kisichomwe. Kikijaa kifungwe, kitiwe sandukuni palipo pakavu, na wanaokifikia wawe wachache zaidi kuliko wakati kilipokuwa wodini.

Rejista, kwa jumla, zina tabia yao. Rejista ni kitabu kimoja chenye mamia ya watu, na huwezi kuchana mstari wa mtu mmoja muda wake ukiisha. Saa ya kitabu basi ianze kuhesabu tangu mstari wa mwisho kuandikwa. Na ndani ya kitabu, kosa likigunduliwa, halifutwi kwa wino mweupe. Mgonjwa ana haki ya kutaka habari zake zisahihishwe, na kanuni zinampa mhifadhi siku 14 za kulishughulikia ombi hilo. Karani apige mstari mmoja juu ya neno lililokosewa, lile la zamani libaki likisomeka, aandike lililo sahihi, aweke sahihi yake na tarehe. Wino mweupe humfanya hakimu ashuku hata yale ambayo ni kweli.

Upande wa pili kuna karatasi zinazokaa muda mrefu mno. Orodha ya foleni ya kliniki, yenye majina na aina ya kliniki, hubandikwa mlangoni asubuhi na bado iko hapo Ijumaa. Vijikaratasi vya kuitia faili hurundikana kwenye boksi chini ya meza. Daftari la simu za wagonjwa waliokosa kurudi hubebwa nyumbani. Haya hayana kesi wala cheti kinachoyategemea, na ndiyo huvujisha siri kuliko faili zenyewe, kwa sababu hakuna anayeyaona kuwa ni kumbukumbu. Orodha ya foleni muda wake ni siku moja. Ikishahamishwa kwenye rejista, ichanwe kabla masjala haijafungwa jioni.

Je, muda ukiisha karani achome? La. Kwa hospitali ya serikali kuna sheria nyingine, ile ya nyaraka za umma, Sura ya 19 ya sheria za Kenya, ambayo hairuhusu kumbukumbu za umma kuharibiwa bila idhini ya Mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Sheria moja inasema usikae na habari za watu kupita kiasi, na nyingine inasema usiziharibu bila ruhusa. Wapo wanaoona hapo pana mgongano. Mimi sioni. Muda ukiisha, kazi ya karani ni kuorodhesha na kutenga, si kuteketeza. Orodha huenda kwa msimamizi, msimamizi huomba idhini, na idhini ikipatikana faili huchomwa kwenye kichomea taka cha hospitali mbele ya watu wawili wanaotia sahihi. Orodha ya vilivyochomwa ndiyo hubaki daima. Bila utaratibu huu faili zilizotengwa zitaishia stoo iliyo wazi, na karatasi iliyo stoo wazi haikawii kufungiwa njugu stendi.

Kuna jambo moja zaidi la muda, nalo ni zuio. Barua ya wakili ikifika kwamba kuna kesi, au mgonjwa akiandika malalamiko, faili hiyo hutiwa alama nyekundu na saa yake husimama. Haiwezi kuingia kwenye orodha ya kuteketezwa hadi zuio liondolewe kwa maandishi. Utingo wetu akishtaki, faili yake itabaki hata baada ya Februari 2030 kama kesi bado inaendelea.

Sasa ruhusa.

Kosa la kawaida katika kufupisha ruhusa ni kuziandika kwa vyeo. "Daktari anaweza kuona faili zote. Muuguzi anaweza kuona faili zote isipokuwa…" Ukiandika hivyo umempa daktari wa macho ruhusa ya kusoma faili ya jirani yake aliyelazwa wodi ya wazazi. Sheria inataka habari zitumike kwa kazi iliyozifanya zichukuliwe, na habari za afya zishughulikiwe na mtoa huduma au mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Swali la karani basi lisiwe "wewe ni nani?" bali "unamtibu mgonjwa huyu leo?" Jibu likiwa ndiyo, faili inatoka. Jibu likiwa la, hata akiwa daktari mkuu, aeleze kwa maandishi anaitakia nini.

Katika masjala ya karatasi, kifaa kinachotekeleza sheria hii ni cha bei rahisi kabisa: kadi ya kufuatilia. Faili ikitoka, mahali pake kwenye rafu panatiwa kadi ngumu iliyoandikwa namba ya faili, aliyeichukua, chumba, tarehe na saa. Faili ikirudi, mstari unakatwa. Palipo na kompyuta, kazi hiyo hufanywa na mfumo wenyewe, unaoandika nani alifungua ukurasa gani na saa ngapi. Lakini hilo ni kweli tu kama kila mtu ana neno lake la siri. Zamu ya usiku ikifungua kompyuta kwa jina la karani wa mchana aliyekwenda kulala, kumbukumbu ya mfumo itakuwa ushahidi dhidi ya mtu asiyekuwapo. Namna ya kugundua ni rahisi: msimamizi achukue orodha ya zamu na ailinganishe na majina yaliyofungua faili kati ya saa nne za usiku na alfajiri. Jina la mtu aliyekuwa likizo likitokea hapo, ameshapata jibu.

Nirudi kwa wale watatu wa dirishani.

Yule wa wakili kwanza. Huyu ndiye mgeni mkubwa wa masjala zilizo kando ya barabara kuu, na ndiye anayekuja na maneno matamu na huenda na chai ya karani. Akiwa na idhini iliyotiwa sahihi na mgonjwa mwenyewe, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mgonjwa, ombi lake linapokelewa, linagongwa mhuri wa tarehe na kupelekwa kwa msimamizi. Tarehe ni muhimu, kwani kanuni za 2021 zinatoa siku 7 za kulijibu ombi la mtu kuona habari zake, na bila malipo. Asiye na idhini hapewi hata jibu la kwamba mtu huyo alitibiwa hapo. Na anayeomba "majina tu ya waliofikishwa jana usiku" anaomba orodha ya wateja wa kunyemelea. Kwa sheria ya 2019, kutoa au kuuza habari za mtu kinyume cha sheria ni kosa la jinai, na adhabu ya jumla hufika faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Chai gani yenye thamani hiyo?

Askari naye asifukuzwe. Fomu ya P3 hujazwa na daktari, na polisi wana kazi halali. Lakini karani asimkabidhi askari faili juu ya kaunta. Ombi liwe kwa maandishi kutoka kituoni, liende kwa msimamizi, na kinachotolewa kiwe kile kinachohitajika. Ikiwa ni agizo la mahakama, linatekelezwa, na nakala ya agizo inabaki ndani ya faili.

Mzee anayemtakia mkewe cheti ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu heshima inaingia. Taita, kama kwingineko pwani, si rahisi kwa msichana wa miaka 24 kumwambia mzee wa miaka 60 kwamba hana haki ya kuona karatasi ya mkewe. Lakini ndoa haimpi mtu haki ya faili ya mwenziwe. Karatasi ya ukutani impe karani maneno ya kusema, ili lawama isimwangukie yeye: "Shikamoo mzee. Karatasi hii ni ya mama mwenyewe. Akija, au akiandika barua na kuitia sahihi, tutakupa mara moja." Mwajiri anayepiga simu kuuliza kama mfanyakazi wake kweli alipewa mapumziko ya ugonjwa naye alete cheti chenyewe. Hospitali yaweza kuthibitisha kwamba ilikitoa. Ugonjwa haumhusu.

Mgonjwa mwenyewe akitaka kuona mstari wake katika rejista, asipewe kitabu. Ukurasa huo una majina mengine zaidi ya ishirini. Karani afunike mistari ya juu na ya chini kwa karatasi mbili ngumu, au anakili mstari huo kwenye fomu na kuutia mhuri.

Anabaki mgeni ambaye hatajwi katika sera nyingi: ofisi ya juu. Simu inapigwa kwamba inatakiwa orodha ya wagonjwa wa aina fulani, kwa majina, kabla ya saa nane. Msomaji atakumbuka yaliyotokea Februari 2015, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipoagiza zikusanywe habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, walezi wao, na akina mama waja wazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Nia iliyotajwa ilikuwa ni kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo hilo lilikiuka katiba, na kwamba majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama za siri zisizomwunganisha mtu na hali yake, ndani ya siku 45. Wakati huo sheria ya data haikuwapo. Sheria ya ukimwi ya 2006 ilikuwapo tayari, nayo inakataza kufichua hali ya mtu bila ridhaa yake isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Somo kwa masjala ni la kiufundi. Kupanga dawa kunahitaji idadi, umri na mahali. Hakuhitaji majina. Basi mstari wa karani uwe huu: idadi inatolewa kwa idhini ya msimamizi wa kumbukumbu, majina hayatoki bila barua inayotaja sheria inayoyataka. Ningeongeza kwamba faili za wanaotumia dawa za virusi zisiwe na jalada la rangi ya pekee. Rangi inayojulikana ni tangazo, na haisaidii kitu kufunga kabati kwa kufuli huku faili ikipita koridoni inasomeka kutoka mbali.

Ukiyakusanya, karatasi yenyewe haifiki hata nusu ukurasa. Ningeiandika hivi:

Faili ya mtu mzima: miaka 8 tangu alipotibiwa mara ya mwisho. Faili ya mtoto: hadi siku ya kuzaliwa ya 25. Kitabu cha wazazi: hakichomwi. Rejista nyingine: hesabu tangu mstari wa mwisho. Orodha ya foleni: ichanwe jioni. Alama nyekundu: usiguse. Muda ukiisha: orodhesha, tenga, mpe msimamizi.

Anayemtibu leo: faili na kadi. Mwenyewe: mhuri wa tarehe, siku 7. Mwingine yeyote: barua ya mwenyewe, au barua ya kituo, au agizo la mahakama, na yote kwa msimamizi. Faili ikipotea au ikionekana na asiyehusika: mwambie msimamizi leo hii.

Huo mstari wa mwisho una sababu. Habari zikivuja na kuwaweka watu katika hatari ya kweli ya kudhurika, hospitali ina saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data tangu ilipojua. Karani akingoja Jumatatu aone kama faili itajitokeza yenyewe, saa hizo zimekwisha.

Miaka niliyoitaja ni pendekezo langu, na kila hospitali itapanga yake na kuipitisha inavyotakiwa. Chini ya karatasi pawe na jina la cheo cha aliyeipitisha, tarehe, na mwaka wa kuipitia upya. Karatasi isiyo na tarehe itaendelea kutiiwa hata sheria ikishabadilika. Tumeona bima ya NHIF ikiondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii kuchukua nafasi yake Oktoba 2024, na fomu za zamani zenye namba za wanachama zimebaki kwenye maboksi. Zinahitaji mstari wao.

Nazungumzia hospitali yenye masjala. Kwenye zahanati ya milimani, juu ya Wundanyi, huenda muuguzi mmoja ndiye daktari, ndiye mfamasia na ndiye karani, na rejista zote ziko juu ya meza anapodungia watoto sindano. Huko kadi ya kufuatilia haina maana, kwa sababu faili haitoki chumbani. Kinachohitajika ni kabati moja lenye kufuli, kitabu kilichofunguliwa kigeuzwe chini mgonjwa mwingine anapoingia, na ufunguo wa pili uwe kwa mtu anayejulikana, ili muuguzi akienda likizo rejista zisilale kwenye kiti cha bodaboda zikipelekwa kwa anayemshikia kazi.